Sura ya Sita: Vistari, Matao na Mishale

Mchoro wa jiometri ukichapwa kitabuni huwa na mambo mawili juu ya karatasi moja. Kuna umbo lenyewe, yaani mistari, kona na herufi zake. Halafu kuna alama ndogo zilizopandishwa juu ya umbo hilo: vistari vinavyokata pande katikati, matao yanayokumbatia kona, kimraba kwenye pembe mraba, na mishale midogo kwenye mistari iliyo sambamba. Umbo linakuambia kipi kimeunganishwa na kipi. Alama ndizo zinazokuambia kipi ni sawa na kipi. Mwanafunzi anayesoma umbo peke yake anakisia, hata kama jibu lake litatokea kuwa sahihi.

Tofauti hii huonekana wazi pale mchoro unapofika kwa njia ya simu. Mbagala, Chamazi, Mtoni Kijichi, Tegeta, Bunju, kokote pembezoni mwa Dar es Salaam ambako kitabu cha kiada kinabaki shuleni na mazoezi yanafanyikia nyumbani, safari ya mchoro ni ndefu. Kitabu kinapigwa kopi steshenari. Kopi inapigwa picha juu ya goti, ndani ya daladala au chini ya taa ya sebuleni. Picha inatupwa kwenye grupu la WhatsApp la kidato, mtu anaipiga skrinishoti na kuirusha grupu jingine, na mwanafunzi wa mwisho kabisa anaifungua kwenye kioo cha simu chenye ufa. Kila hatua inakula kitu, na kinachotangulia kuliwa ni zile alama ndogo.

Hebu tuchukue swali moja na kulifuata mpaka mwisho. Ni la kawaida sana, la aina inayofundishwa kidato cha kwanza na cha pili.

Kuna mistari miwili iliyolala, wa juu PQ na wa chini RS, na kila mmoja una mshale mmoja katikati. Nukta A iko juu ya PQ. Nukta B na C ziko juu ya RS, B kushoto na C kulia, na S iko mbele zaidi ya C. AB na AC zimechorwa, hivyo tuna pembetatu ABC inayoning'inia kati ya mistari miwili. Kwenye kona A, upande wa kushoto, pembe PAB imeandikwa 68°. Kutoka C unapanda mstari mwingine kuelekea kulia, unaishia T, ukiwa kati ya CA na CS. Pembe ACT ina tao maradufu, na pembe TCS nayo ina tao maradufu. Upande AB una kistari kimoja. Kuna kistari kingine kimoja, na hicho ndicho kilicholeta ubishi. Swali linasema: tafuta pembe ACT.

Ujumbe ulionifikia ulikuwa wa sauti, mfupi. "Shikamoo mwalimu. Lile swali la pembetatu nimepata 62, wenzangu wengi wanasema 56, na kuna mmoja anasema 68. Nimerudia hesabu zangu sioni kosa."

Nilimjibu, "Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, kistari cha pili umekiona upande gani?"

Hesabu zake kweli hazikuwa na kosa, wala za wenzake. Mishale kwenye PQ na RS inasema mistari hiyo ni sambamba, na AB inaikatiza yote miwili. Kwa hiyo pembe PAB na pembe ABC, zile zinazokaa kama kona mbili za herufi Z, ni sawa. Pembe ABC ni nyuzi 68. Mpaka hapo wote watatu wako pamoja. Kuanzia hapo wanaachana, kwa sababu ya kistari kimoja chenye urefu wa milimita mbili au tatu.

Kama kistari cha pili kiko AC, basi AB = AC, na pembe zinazotazama pande hizo ni sawa. Pembe ACB nayo ni nyuzi 68. Pembe ACS, iliyobaki kwenye mstari ulionyooka, ni 180 kutoa 68, yaani 112. Matao maradufu yanasema CT inaigawa pembe hiyo katikati, kwa hiyo ACT ni 56.

Kama kistari kiko BC, basi AB = BC. Sasa pembe zilizo sawa ni ile ya A na ile ya C. Ukitoa 68 kwenye 180 inabaki 112, nusu yake 56. Pembe ACB ni 56, pembe ACS ni 124, na ACT ni 62. Hili ndilo jibu la binti aliyenitumia sauti.

Yule wa 68 hakukiona kistari cha AB hata kidogo. Yeye aliona vistari viwili, kimoja AC na kimoja BC, na akachukua kwamba AC = BC. Pembe ya A ikawa 68 sawa na ya B, ya C ikawa 44, pembe ACS ikawa 136, na nusu yake 68.

Majibu matatu, yote yametokana na hoja safi. Hakuna ukaguzi wa hesabu unaoweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea, maana kila jibu linalingana na mchoro alioufikiria. Hapa lazima turudi kwenye picha, na tujue picha inaweza kushuhudia nini na haiwezi kushuhudia nini.

Wanafunzi wengi hukimbilia kutazama urefu. Wanasema, "Mwalimu, BC inaonekana sawa na AB kabisa." Wengine huchukua rula na kuiweka juu ya kioo cha simu. Haifai. Kamera isipokuwa imeikabili karatasi moja kwa moja, sehemu ya karatasi iliyo karibu na lenzi inakuzwa na iliyo mbali inapunguzwa. Simama kwenye njia ya reli ya TAZARA pale inapokatiza mitaa ya Temeke utazame mbele: vyuma viwili ambavyo kote njiani vimetengana kwa milimita 1,067 vinaonekana kukaribiana mpaka vinakutana. Picha ya kitabu iliyopigwa kwa mshazari inafanya hivyo hivyo kwa PQ na RS. Mistari sambamba inaonekana kuelekea kukutana, pembe mraba inakuwa pembe kali au butu, na pande mbili zilizo sawa zinapishana.

Baadhi ya mambo, hata hivyo, hayaharibiki kwa mshazari. Mstari ulionyooka kwenye karatasi iliyolala sawasawa unabaki umenyooka pichani. Nukta iliyo juu ya mstari inabaki juu yake. Nukta iliyo kati ya mbili inabaki kati. Kwa hiyo unaweza kuamini kwamba A iko juu ya PQ, kwamba B, C na S ziko kwenye mstari mmoja, na kwamba CT inapita kati ya CA na CS. Usiamini urefu, ukubwa wa pembe, wala usambamba kwa kutazama tu. Na hata unyoofu unaharibika karatasi ikipinda, hasa karibu na mgongo wa kitabu kinene ambacho hakijafunguliwa vizuri. Hapo mstari mmoja unaweza kuonekana umevunjika kidogo, na mwanafunzi akadhani ni miwili inayokutana kwa pembe ndogo.

Jambo hili linatufaa, kwa sababu vile vitu ambavyo kamera inaviharibu ndivyo hasa ambavyo alama zimewekwa kuvisema. Kistari kinasema urefu, tao linasema pembe, mshale unasema usambamba. Hata kitabuni kwenyewe michoro mingi haichorwi kwa vipimo halisi, na mwandishi hategemei jicho lako lipime chochote. Kwa hiyo picha iliyopigwa kwa mshazari haijakunyang'anya kitu ulichokuwa na haki nacho, ilimradi alama zinasomeka. Picha iliyonyooka vizuri lakini imefifia ndiyo hasara kubwa.

Alama zinafifiaje? Chukua karatasi ya A4, yenye urefu wa milimita 297. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 hivi. Karatasi ikijaa kwenye picha, kila milimita inapata nukta zaidi ya 13. Kistari cha kitabuni kina unene wa kama robo milimita, yaani nukta tatu hivi, na kinaonekana vizuri. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, upande wake mrefu hupunguzwa mpaka kama nukta 1,600. Sasa milimita moja ina nukta tano tu na ushei, na unene wa kistari ni nukta moja na kidogo. Kama mpigaji alisimama mbali na karatasi ikachukua nusu tu ya picha, kistari kinapata chini ya nukta moja. Hakifutiki kabisa, ila weusi wake unachanganyika na weupe wa karatasi na kuwa kivuli cha kijivu.

Juu ya hapo kuna kubanwa. Picha nyingi za simu huhifadhiwa kwa mbinu ya JPEG, kiwango cha kimataifa tangu 1992. Mbinu hiyo inaigawa picha katika vijisanduku vya nukta 8 kwa 8, na ndani ya kila kijisanduku inatunza mabadiliko makubwa ya mwanga na giza, huku ikipunguza yale madogo madogo. Kwa picha yetu ya nukta 1,600, kijisanduku kimoja kinafunika kama milimita moja na nusu ya karatasi. Vistari viwili vilivyotengana kwa milimita moja vinaweza kuingia vyote kwenye kijisanduku kimoja. Vikibanwa sana, vinatoka kama doa moja nene. Ndiyo maana kosa la kawaida zaidi kwenye picha hizi ni kuhesabu viwili kuwa kimoja, au matao mawili kuwa moja. Kuona viwili mahali penye kimoja hutokea mara chache.

Kuna kipimo chepesi cha kugundua hilo. Linganisha unene wa alama na unene wa upande unaoubeba. Mchapaji huchora kistari kwa unene ule ule wa mstari au chini yake kidogo. Ukikuta kistari kilicho kinene kuliko upande wenyewe, tena chenye ukungu wa kijivu pembeni, kuna uwezekano mkubwa ni viwili vilivyogandana. Kwa matao ni hivyo hivyo: tao moja lina ukingo mkali, na matao mawili yaliyogandana yanafanana na utepe.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, maana hakihitaji picha nzuri. Alama ya usawa haikai peke yake. Kistari kimoja kwenye upande mmoja tu wa mchoro mzima hakisemi lolote, kwa sababu kinasema "huu ni sawa na mwenzake" na mwenzake hayupo. Kwa hiyo kila ukikuta kistari, mshale wa sambamba au tao lisilo na namba, mtafute mwenzake. Usipompata, ama amefifia, ama ulichokiona ni uchafu, ama alama hiyo ni ya aina nyingine. Kimraba cha pembe mraba peke yake ndicho kinachojitegemea, kwa sababu kinasema nyuzi 90 moja kwa moja.

Hapo ndipo yule wa 68 alipoteleza. Kwenye picha yake kistari cha AB kilikuwa kimefunikwa na mng'ao wa flashi. Aliona kivuli cha kistari kwenye AC, na kwenye BC aliona kitu cheusi. Akavioanisha. Nilimwomba akuze picha mpaka mwisho na anieleze kile cha BC. Akasema kiko juu ya mstari tu, hakishuki chini yake, na hakiko katikati ya BC bali kimesogea karibu na C. Basi hicho si kistari. Kistari halisi kinaukata upande na kutokeza pande zote mbili, karibu na katikati, kwa kusimama wima juu yake au kulala kidogo. Doa la wino wa mashine ya kopi halifuati utaratibu huo. Mashine za kopi zenye kioo kichafu zinatoa madoa kama hayo kwenye kila ukurasa mahali pale pale, na ukiwa na ukurasa mwingine wa kopi ile ile unaweza kuthibitisha: doa litakuwepo hata pasipo na mchoro.

Binti wa 62 aliona kistari cha AB vizuri. Akamtafuta mwenzake wa kistari hicho na kumpata kwenye BC, lile lile doa. Cha AC hakukiona kwa sababu kwenye simu yake kilikuwa kivuli tu. Alifuata kanuni ya kumtafuta mwenza, ila akaridhika na wa kwanza aliyejitokeza bila kumkagua.

Matao yana mtego wao, na mtego huu haumo kwenye kamera bali kwenye desturi ya vitabu. Tao lenye namba au herufi ndani yake, kama lile la 68°, kwa kawaida linafanya kazi ya kuonyesha tu. Linasema namba hii ni ya pembe hii, kuanzia mstari huu mpaka ule. Halidai usawa na pembe nyingine yoyote. Ndiyo maana kwenye mchoro mmoja unaweza kukuta tao moja lenye 68° na tao moja lenye x, na x isiwe 68. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "matao yanayofanana ni pembe sawa" anaandika x = 68 na kwenda kucheza. Desturi ya usawa inaanza pale tao linapokuwa halina namba, au linapokuwa maradufu kwa makusudi, kama kwenye ACT na TCS. Mwandishi hakuwa na sababu ya kuchora tao la pili ila kuzitenga pembe hizo mbili na zile zenye tao moja na kuzifanya jozi.

Jambo jingine hapo hapo: alama tofauti hazisemi vitu ni tofauti. Upande wenye kistari kimoja na upande wenye vistari viwili zinaweza kabisa kuwa sawa. Mchoro haujasema, basi. Nimewaona wanafunzi wazuri wakikataa jibu lao wenyewe kwa sababu hesabu ilionyesha pande hizo ni sawa "wakati kitabu kimesema hazilingani". Kitabu hakijasema hivyo.

Na alama ya nyuzi, ile duara ndogo juu ya namba, inastahili kutajwa. Ikishuka kidogo au ikivimba kwenye kopi, 68° inasomeka 680. Kwenye pembetatu hilo linajulikana haraka, kwa kuwa hakuna pembe ya pembetatu inayofika 180. Lakini 12° kugeuka 120 hakushtui mtu, maana nyuzi 120 ni pembe halali kabisa. Ukiona sifuri ya mwisho imepanda juu kidogo au ni ndogo kuliko tarakimu zilizotangulia, isome kama alama ya nyuzi kwanza, halafu uone kama jumla ya pembe inakubali.

Mishale nayo inategemea mahali ilipokaa. Mshale ulio katikati ya mstari, wenye mwenzake kwenye mstari mwingine na wote wakielekea upande mmoja, unasema sambamba. Mshale ulio mwishoni mwa mstari unasema mstari unaendelea zaidi ya pale ulipokomea. Mishale miwili iliyogeukiana migongo, kwenye mstari mwembamba uliowekwa kando ya umbo, ni ya kipimo: inasema urefu huu ni sentimita kadhaa. Na kwenye mada ya vekta, mshale katikati ya mstari unaonyesha uelekeo tu, wala hauna habari ya usambamba. Kopi nyeusi inaujaza mshale mpaka unakuwa doa la pembetatu, na ukifika hapo unaweza kuchanganywa na kistari kinene. Dawa ni kutazama wenzake. Kwenye mchoro wetu PQ na RS zina alama za namna moja katikati, na hakuna upande wa pembetatu wenye alama kama hiyo. Kama AB na CT nazo zingekuwa na mishale maradufu, hapo yule wa 68 angekuwa sahihi bila kuhitaji vistari: CT ikiwa sambamba na AB, pembe TCS inakuwa sawa na ABC, nyuzi 68, na ACT mwenzake vilevile. Nilimuuliza kama anaona chochote kwenye CT. Hakuona.

Kuna alama nyingine ambazo kamera haikuziharibu bali mwanadamu aliziongeza. Kitabu cha shule kinapita mikono ya wanafunzi wengi, na wengi wao huchora kwa penseli juu ya mchoro wanapofikiri. Mmoja anaweka kistari pale alipogundua usawa, mwingine anaandika 56° kwenye kona. Kitabuni penseli inajulikana kwa rangi yake. Kwenye kopi nyeusi na nyeupe inakuwa nyeusi kama chapa, na hoja ya mwanafunzi wa mwaka juzi inageuka kuwa taarifa aliyopewa wa mwaka huu. Tazama ulinganifu: vistari vya kiwandani vina urefu mmoja na mwinamo mmoja, na namba zake zina mwandiko wa kitabu. Kilicho kirefu kuliko wenzake, au kilichopinda, au namba yenye mwandiko wa mkono, kiondoe kwenye orodha yako mpaka uthibitishe.

Nasema orodha kwa maana halisi. Kabla ya kugusa hesabu, wanafunzi wangu huandika kwa maneno yale ambayo alama zinadai, kila dai mstari wake. Kwa swali letu orodha ni hii:

PQ ∥ RS
pembe PAB = 68°
AB = AC
pembe ACT = pembe TCS

Mistari minne, na madai yote ya alama yamo. Orodha hii inatumwa kwenye grupu kama maandishi ya kawaida, inakula bando kidogo mno, na hakuna kubanwa kunakoweza kugeuza AC kuwa BC. Ubishi wa 56, 62 na 68 ungekwisha kwa kulinganisha mstari wa tatu wa orodha za watu watatu. Mwenye orodha anaweza pia kuuchora mchoro upya kwa rula, bikari na kipimapembe. Chora AB yenye sentimita 6 na pembe ya B nyuzi 68. Ukifuata AB = AC, BC inatoka kama sentimita 4.5. Ukifuata AB = BC, AC inatoka 6.7. Ukifuata AC = BC, zote mbili zinafika kama sentimita 8 na pembetatu inakuwa ndefu ya kuegemea kulia. Ukiweka michoro hiyo mitatu kando ya picha, mara nyingi mmoja unafanana zaidi. Huo ni ushahidi dhaifu, kwa sababu kitabu hakikuahidi vipimo na kamera imepinda, lakini unakuonyesha wapi pa kukagua tena.

Anayepiga picha ana uwezo kuliko sisi sote tunaoipokea. Kitabu kilale mezani, kibanwe karibu na mgongo, kamera iwe juu yake moja kwa moja. Mwanga wa dirisha mchana, bila flashi. Picha moja ya ukurasa wote, ili maneno ya swali yaonekane, kwa kuwa waandishi wengi huandika "AB = AC" kwenye maneno na hawaweki kistari kabisa. Picha ya pili ya mchoro peke yake, ukijaza kioo. Kisha zitumwe kama dokumenti, siyo kama picha, ili zifike na nukta zake zote. Na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Mchoro wa kule haujapita kwenye mashine ya kopi wala kwenye kamera.

Siku ile hatukuwa na dokumenti wala mtandao mzuri. Yule binti alikuwa na kopi mbili za ukurasa ule, moja yake na moja ya kaka yake iliyotolewa steshenari nyingine. Nilimwomba azitazame zote mbili kwenye BC. Doa lilikuwepo kwenye moja tu. Kisha nikamwomba aipeleke ile safi chini ya taa na atafute kitu kwenye AC, katikati, hata kama ni kivuli. Baada ya muda akatuma sauti: "Kipo mwalimu, kimefifia ila kimekata upande wote. Kimelala kama cha AB."

Akaandika AB = AC kwenye mstari wa tatu, akafika 56, akaituma orodha yake nzima kwenye grupu pamoja na jibu.